Taa Mbili kwenye Kaunta ya Subarmani

Subarmani hakuwa na cheo. Alikuwa fundi wa vyombo vya vipimo katika kiwanda cha sukari cha Navolau, upande wa magharibi wa kisiwa cha Viti Levu, na kazi hiyo aliianza akiwa na miaka kumi na tisa. Sasa alikuwa na arobaini na sita. Tumbo lilikuwa limeanza kumtangulia mlangoni, na miwani yake ilishikiliwa kwa uzi wa shaba upande mmoja, kwa sababu hakuwa mtu wa kutupa kitu ambacho bado kinaweza kufungwa.

Alichokuwa nacho ni neno lake. Katika chumba cha mapipa, wanaume walikuwa wakitia mikono ndani ya mashine kwa neno hilo. Mapipa yenyewe yalikuwa manne, kila moja refu kuliko mtu. Yalikuwa yakizungusha uji wa moto wa sukari kwa kasi ya kutisha mpaka majimaji meusi yatoke kwenye chujio na chembe zibaki. Mara kwa mara uji huganda kwenye chujio, na hapo hakuna ujanja: mtu afunue kifuniko, aingize mkono na kikwangulio. Kabla ya kuingiza waliulizana, "Suba amesema ni salama?" Akiwa amesema, mkono uliingia. Huo ndio utajiri aliokuwa nao, na mimi niliyefanya kazi chumba cha jirani miaka kumi na moja nawaambia, alikuwa akijua thamani yake.

Zamani mapipa yaliongozwa na ngoma za chuma zenye vijino, zinazozunguka polepole na kubonyeza swichi moja baada ya nyingine. Vijino vikalika, swichi zikakwama. Mwaka wa 1978, miwa ilipokwisha mashambani na kiwanda kikalala kusubiri msimu mwingine, Subarmani alijifungia kwenye meza ya nyuma ya karakana akaanza kuchora kitu cha kuchukua nafasi ya ngoma. Msaidizi wake alikuwa Permal, mdogo wa mkewe. Alimchukua kijana wa miaka ishirini asiyejua kushika hata bisibisi, akamfundisha kila kitu. Sasa Permal alikuwa na thelathini na mbili, mwandiko mzuri wa michoro, mashati yaliyopigwa pasi, na ulimi.

"Haya, nifundishe, mwalimu," Permal alisema siku ile, akijimwagia chai ya mchaichai kutoka chupa ya shemeji yake bila kuomba.

Subarmani alikuwa amepanga taa ndogo nne mstarini kwenye ubao. "Kila pipa lina hatua nane. Kufungua, kujaza uji, kukimbiza, kuosha, mpaka kukomba sukari. Hii ni kaunta ya Johnson, saketi ya kuhesabu hatua. Kila saa ya saketi inapogonga, kila taa inampa jirani wa kulia hali yake. Ile ya kwanza inapewa kinyume cha ile ya mwisho. Angalia."

Akabonyeza. Taa zote zilikuwa zimezimwa. Ikawaka ya kwanza. Akabonyeza tena, zikawaka mbili, tatu, nne. Kisha, kwa kuwa ya mwisho sasa ilikuwa inawaka, ya kwanza ikazimika, ikafuata ya pili, ya tatu, mpaka zote zikalala tena.

"Nane," Permal alihesabu. "Taa nne, hatua nane. Sasa kila hatua inahitaji geti lake la kuitambua, na geti liangalie taa zote nne. Geti la miguu minne, mara nane, mara mapipa manne. Bwana injinia Lockyer atazimia akiona idadi ya chipu."

"Miguu miwili inatosha."

"Acha utani, shemeji."

"Zikiwaka mbili za kwanza, na mbili za mwisho zimezimwa, mpaka wa mwanga na giza uko wapi?"

"Kati ya ya pili na ya tatu."

"Kuna hatua nyingine yoyote ambayo ya pili inawaka na ya tatu imezimwa?"

Permal akabonyeza mzunguko mzima, midomo ikihesabu. "Hakuna."

"Basi geti la AND liulize hayo mawili tu. Ya pili inawaka? Ya tatu imezimwa? Yote mawili ni kweli, basi tuko hatua ya tatu. Kila hatua ina mpaka wake mahali pamoja. Zikiwaka zote au zikizimwa zote hakuna mpaka, hapo unauliza ya kwanza na ya mwisho. Na kwa kuwa kila mara inabadilika taa moja tu, geti halishtuki katikati ya njia."

"Na zile nyingine mbili ambazo hukuziuliza?"

"Unaziamini."

Permal akacheka. "Na zikidanganya?"

"Hilo ndilo swali la mtu mzima," Subarmani alisema, akafurahi kweli, kwa sababu mwanafunzi wake alikuwa ameuliza mwenyewe. Akachomoa umeme na kuurudisha kwa pupa mpaka kaunta ikaamka vibaya: taa ya pili peke yake ikiwaka, hali ambayo haimo katika zile nane. Mageti matatu yakajibu kwa pamoja, kila moja likidai ndiyo hatua yake. "Umeona? Geti la miguu miwili ni mwaminifu sana. Linaamini kwamba walio kando wamesimama kwenye foleni. Wasiposimama, pipa litajaza na kukimbia wakati mmoja. Na ukiiacha, itazunguka kwenye hali hizo mbovu milele, maana nazo ni nane na zina duara lao."

Dawa yake ilikuwa rahisi, naye aliipenda kwa sababu haikuhitaji karibu chochote kipya. Geti la hatua ya kwanza huangalia taa ya kwanza na ya mwisho zikiwa zimezimwa. Aliunganisha geti hilo hilo lirudi nyuma likaamuru: kila ninaposema ndiyo, pigo linalofuata iwake ya kwanza, na nyingine zote zizimwe. Mtembeo mzuri haudhuriki, kwa kuwa baada ya giza tupu huwa inawaka ya kwanza vilevile. Mbovu haipiti mapigo matatu kabla ya kurudishwa njiani.

Kadi ya pili ilikuwa ya kugawa zamu. Mapipa mawili yakijaza na kuanza kukimbia pamoja, umeme wa chumba unazidiwa, na breka kubwa ya kulinda nyaya inakatika. Kwa hiyo aliweka kaunta ya duara: taa nne, moja kwa kila pipa, na moja tu ndiyo inawaka, ikihamia kwa pipa linalofuata kila sekunde arobaini. Pipa lenye taa ndilo lenye ruhusa ya kujaza.

"Hii watu huunganisha waya kutoka ya mwisho kurudi ya kwanza, wakamaliza," alimwambia Permal. "Sasa umeme ukiyumba, ikaamka na taa mbili, hizo mbili zitazunguka mpaka Krismasi. Ikiamka bila taa, hakuna pipa litakalopata zamu mpaka Krismasi. Duara halijui kuhesabu. Linapitisha tu kilichomo."

"Kuna kitufe cha riseti, cha kuianzisha upya."

"Kitufe kinahitaji kidole. Na ile kapasita ya kuanzishia haitusaidii, umeme ukiyumba nusu sekunde haipati muda wa kuisha chaji, lakini kumbukumbu inakuwa imeshachafuka." Akachora geti la NOR la miguu mitatu. "Hili linaangalia tatu za kwanza. Zikizimwa zote tatu, ndipo linaingiza taa mpya mwanzoni. Ikiwaka hata moja, haliingizi kitu. Za ziada zinaanguka mwishoni zenyewe. Ikiwa tupu, linazaa moja. Haipiti mapigo matatu inakuwa sawa, bila mtu kugusa."

Kwa nguvu ya geti hilo, kabla msimu haujaanza, aliwaita wanaume wa mapipa akawapa sheria moja. Taa za chumba zikififia, msitie mkono popote mpaka taa ya zamu imalize mzunguko mmoja kamili. Ikimaliza, endeleeni kama kawaida: taa ikiwa kwenye pipa la kwanza, la tatu ni salama kwa sekunde themanini. Sekove, mkubwa wao, mtu wa jimbo la Nadroga mwenye mabega ya kubeba gunia kama mto wa kulalia, alimwuliza mara mbili.

"Mzunguko mmoja, Suba? Si miwili?"

"Mmoja unatosha."

"Basi umesema," Sekove akajibu, akampa bakuli la yaqona, kinywaji cha heshima cha kwao.

Mwezi wa Mei binti wa Subarmani aliolewa. Arusi za kwao ni siku tatu, na baba wa bibi arusi hana hata nafasi ya kukaa. Siku ya pili, akiwa na manjano kwenye vidole na wageni mia mbili uani, Permal alimjia na bahasha. Michoro tisa, imenakiliwa kwa usafi, inangoja sahihi ili Bwana Lockyer, injinia mkuu, aipeleke chumba cha kumbukumbu.

"Ni ile ile, shemeji, nimeisafisha tu. Lockyer anaitaka kesho asubuhi."

Subarmani alifuta vidole. Akatazama karatasi ya kwanza: kaunta ya Johnson, geti kwa geti, imechorwa kwa upendo. Akatazama ya mwisho: orodha ya nyaya. Zile za katikati alizitia sahihi moja baada ya nyingine huku akimwambia mpishi wali usiungue. Mwenye mkono wa kuandika alikuwa ndugu ya mkewe. Angeangalia nini?

Msimu ukaanza Juni. Kadi zilifanya kazi, Bwana Lockyer alitembeza wageni, Permal akaeleza kila kitu kwa Kiingereza kizuri. Subarmani alipelekwa upande wa tanuri za mvuke ambako vipimo vilikuwa vimeharibika, akakaa huko wiki baada ya wiki. Hakujua kwamba mara mbili mwezi wa Julai, mota ya visu vya kukatia miwa ilipowashwa na taa zikafifia, mapipa mawili yalianza pamoja na breka ikakatika. Permal alikuwa amekimbia, akabonyeza riseti, akawaambia watu ni mota ya zamani hiyo, ina kiburi.

Tarehe kumi na nne Agosti, saa nane mchana, taa zilififia tena. Sekove alikuwa na pipa la tatu lililoganda. Alifanya alivyoambiwa. Alisimama mikono kiunoni akaingoja taa ya pipa la kwanza, ambayo ndiyo iliyo mbele ya macho yake. Aliingoja izunguke, irudi. Akaiacha izunguke mara ya pili kwa hiari yake, kisha ya tatu, kwa kuwa alikuwa anamalizia hadithi aliyokuwa akiwasimulia wenzake. Ilipowaka tena kwenye la kwanza, akafunua kifuniko cha la tatu akaingiza mkono mpaka begani. Taa ya pipa la tatu, iliyo nyuma ya bega lake mwenyewe, nayo ilikuwa inawaka. Vali ikafunguka. Uji wa moto haumwagiki na kupita kama maji, unashika. Ulimshika kutoka kiwiko hadi vidole.

Subarmani alifika mbio, baada ya kusikia ile sauti ya Sekove iliyosikika hadi kwenye mizani ya miwa. Alipomaliza kusaidia kumpakia kwenye gari, alirudi akatazama kabati la kadi. Taa mbili zilikuwa zinazunguka kimyakimya, moja ikimfuata mwenzake hatua mbili nyuma. Ilikuwa saa nane na nusu. Kwa geti lake zisingefika saa nane na dakika tatu.

Akachomoa kadi. Mahali pa chipu ya NOR palikuwa na matundu kumi na manne yenye lehemu iliyokwanguliwa, na kipande cha waya wa buluu kimetoka taa ya mwisho kikaenda moja kwa moja taa ya kwanza. Chipu ilikuwepo, ikatolewa. Alikaa chini kwenye sakafu yenye kunata na kadi mapajani, na hasira haikuja kwanza. Kilichokuja kwanza ni aibu, kwa sababu tayari alijua mkono wa nani hupenda waya wa buluu.

Alimkuta Permal nyuma ya karakana, ameinama juu ya bomba la maji, anaosha uso ambao haukuwa na kitu.

"Chipu iko wapi?"

"Shemeji..."

"Nimekuuliza chipu iko wapi."

"Niliiunguza." Permal alikuwa analia kabisa. "Nililehemu kwa pupa, ikaungua, na nyingine inatoka Sydney wiki tatu. Lockyer alikuwa ameshanipa tarehe ya wageni. Nikasema nitaweka waya kwa muda tu. Niliijaribu mezani mara hamsini, ilikwenda vizuri mara hamsini!"

"Ulibonyeza riseti kwanza."

"Wewe ndiye uliyenifundisha, kidole kwenye riseti kabla ya kitu chochote."

Hilo lilikuwa kweli, na lilimchoma. Mezani kila fundi wa karakana ile alikuwa akianza kwa riseti, na kaunta ya duara ikianzishwa na kidole haina kosa hata ukiizungusha mwaka mzima. Lakini kuna jambo moja ambalo halikutokana na riseti.

"Na mchoro? Mchoro nao uliungua?"

Permal alifunga bomba. Kisha akasema kwa sauti ndogo kwamba aliuchora upya ufanane na kadi, ili mkaguzi asiulize. Akaukunja katikati ya ile tisa. Akashika mikono ya Subarmani kwa mikono yake yenye maji. "Nitasema mwenyewe. Kesho mbele ya Lockyer nitasema yote, naapa kwa mama. Wewe usiseme kitu, niache niseme mimi, nisionekane nimeburuzwa."

Na Subarmani, mtu mzima huyo, alimwamini tena.

Asubuhi ofisini Bwana Lockyer alikuwa na mchoro wa tano mezani. Alikuwa mtu mrefu wa Queensland mwenye shingo nyekundu, si mkali, ila alikuwa akipenda mambo yaishe kabla ya chai ya saa nne.

"Bwana Subarmani. Hii ni sahihi yako?"

"Ni yangu."

"Hapa kuna waya kutoka mwisho hadi mwanzo. Hakuna kinga yoyote."

Subarmani akamgeukia Permal. Permal alikuwa anatazama kalenda ukutani. Nasi sote tuliokuwa mlangoni tukamgeukia vilevile.

"Permal," Lockyer akasema, "wewe uliijenga. Una la kusema?"

"Mimi nilifuata mchoro, bwana," Permal akasema.

Basi. Maneno matatu na bwana juu yake. Subarmani aliniambia baadaye kwamba alidhani amesikia vibaya, akawa bado anangoja sentensi ianze. Ilipodhihirika kwamba imekwisha, alisimama akasema chipu ilikuwepo, matundu yana lehemu, twendeni mezani niwaonyeshe. Wakaenda. Aliichomeka kadi kwenye umeme wa majaribio, akaongeza kasi ya saa ili wasingoje, akaondoa mikono yote miwili kwenye riseti ili kila mtu aione, akauyumbisha umeme. Mara ya kwanza, taa moja. Mara ya pili, hakuna taa, na giza likabaki giza. Mara ya tatu, mbili, zikaanza kuzunguka. Kisha akakata waya wa buluu, akabandika geti la NOR aliloliunga kwa transista kuukuu kutoka kwenye kopo lake la majaribio, akauyumbisha umeme mara kumi, na mara kumi taa za ziada zikaanguka mwishoni na ikabaki moja.

"Mmeona," alisema, akitweta. "Hili ndilo nililochora mimi."

Bwana Lockyer aliangalia kwa makini sana. "Nimeona," alisema. "Umenithibitishia kwamba mchoro wenye sahihi yako ni wa hatari, na kwamba ulikuwa unajua jinsi ya kuufanya salama. Matundu yanaweza kuwa ya jaribio lolote la karakana. Mimi nina karatasi."

Kila alichokuwa ameonyesha Subarmani kilikuwa kweli na kilikuwa kimemgeukia. Permal alikuwa amesimama kando, mikono nyuma, anazitazama taa.

Nyumbani mkewe Pushpam alikuwa anasukuma chapati. Subarmani alimsimulia yote akiwa wima, kofia mkononi. Kusukuma hakukusimama. Alipofika kwenye waya wa buluu, Pushpam alisema, bila kuinua macho, "Alikuwa na hofu sana mwezi wa Julai."

"Nani?"

"Mdogo wangu. Alikuja hapa, breka ilipokatika. Alilia hapo ulipo. Nikamwambia asikwambie, wewe una hasira na kazi, ungemfukuzisha."

"Ulijua Julai."

"Nilijua kuna chipu, sikujua kuna mkono wa mtu! Mimi na vitu vyenu najua nini?" Sasa alikuwa analia naye, unga mpaka kwenye viwiko. "Ana watoto watatu, Suba. Wewe watakupunguzia cheo gani, huna cheo. Yeye watamfukuza."

Hesabu ilikuwa sahihi, na kilichomuuma zaidi ni kwamba ilikuwa imepigwa mapema bila yeye kuitwa. Hakula. Aliketi kwenye ngazi za nje, na kila alipojaribu kumchukia Permal alimwona kijana wa miaka ishirini akimpa koleo kinyume.

Jumapili alikwenda hospitalini. Sekove alikuwa amelala mkono umefungwa kama mgomba, uso umepungua. Kando ya kitanda kulikuwa na mfuko wa machungwa.

"Suba," Sekove alisema. "Kaa."

Alikaa. Akamweleza kila kitu, polepole, kwa sababu huyu ndiye mtu ambaye alikuwa amempa neno. Geti lilikuwepo. Lilitolewa. Mchoro ulibadilishwa. Sekove alimsikiliza mpaka mwisho.

"Permal alikuja jana," alisema. "Hayo machungwa ni yake. Alisema utakuja na utasema hivi."

"Na wewe unasemaje?"

"Mimi sijui mageti. Nakuuliza moja. Ile karatasi, uliisaini?"

"Niliisaini."

"Uliiangalia?"

Subarmani angeweza kutaja arusi, wageni, wali. Alitazama mkono uliofungwa. "Niliangalia ya kwanza na ya mwisho."

Sekove akafumba macho. "Mimi niliingoja ile taa izunguke mara tatu, Suba. Ulisema moja. Nikangoja tatu."

Hakumfukuza. Muuguzi akaja kubadilisha bandeji, na Subarmani akatoka nje.

Kiwanda hakikumfukuza. Walimwondolea ruhusa ya kutia sahihi michoro, na mwezi wa Oktoba Permal akafanywa msimamizi wa karakana. Chipu za NOR zilikuwa zimefika kutoka Sydney, na aliyepewa kulehemu moja kwenye kadi ni Subarmani, kwa kuwa hapakuwa na mkono mwingine wa kuaminika kwa kazi hiyo. Permal alimletea kadi mwenyewe, akaiweka mezani pamoja na mchoro mpya. Geti lilikuwa mahali pake, miguu mitatu kwenye taa tatu za kwanza. Chini paliandikwa: marekebisho ya kosa la Subarmani, yamefanywa na V. Permal.

"Ni maneno ya ofisi tu, shemeji," Permal alisema.

"Usiniite hivyo kazini."

Aliilehemu. Angeweza kukataa, lakini mikono ingeingia kwenye mapipa hata akikataa. Akaijaribu mara mia mbili bila kugusa riseti, akauyumbisha umeme kwa kila namna aliyoijua, kisha akaibeba mwenyewe mpaka kabatini na kuichomeka.

Siku ile ilikuwa ya kwanza kwa Sekove kurudi, mkono umekakamaa na ngozi mpya inang'aa kama ya mtoto. Mota ya visu ikawashwa, taa za chumba zikafifia. Wanaume wote wakageuka kutazama taa za zamu. Zilikuwa mbili. Pigo la kwanza, mbili. La pili, moja ikaanguka. Ikabaki moja, ikaendelea na safari yake mpaka ikamaliza mzunguko.

Pipa la tatu lilikuwa limeganda. Sekove alisogea, kikwangulio katika mkono ule ule, akasimama mbele ya kifuniko. Subarmani alikuwa hatua mbili kutoka kwake, kadi kabatini bado ina joto la mkono wake, na alikuwa amekwishafungua mdomo kusema ni salama.

Sekove alimpita kwa macho, akamtazama Permal mlangoni.

"Bosi," akauliza, "nitie mkono?"

"Tia, ni salama," Permal akasema.

Sekove akautia.